Karibuni mezani: natafuta wa kuujaribu "Mizani", mchezo mpya wa karata wa watu watatu

#1 MchangaKarata

Wakuu, habari za wakati huu. Nimetunga mchezo wa karata na umefika mahali ambapo mimi mwenyewe siwezi tena kuuona vizuri. Naomba mnaopenda kucheza mkusanyike watatu watatu, mucheze raundi sita, kisha mniletee majibu hapa. Nautaka ukweli hata kama ni mchungu.

Mnahitaji kasha moja la karata za kawaida. Toeni jokari, toeni kuanzia mbili hadi tano za kila aina. Zitabaki 36: sita, saba, nane, tisa, kumi, ghulamu, malkia, mfalme na ree, na ree ndiyo kubwa. Kila mchezaji anagawiwa 12 na hakuna karata inayobaki kando.

Aliye kushoto kwa mgawaji anaanza kwa kutupa karata yoyote. Wanaofuata lazima watupe karata ya aina ileile kama wanayo. Asiye nayo anatupa yoyote. Mwenye karata kubwa zaidi ya aina iliyoongoza anazila zote tatu na ndiye anayeanza mzunguko unaofuata. Hakuna turufu. Ukishakula, zigawe karata ulizokula mbele yako katika marundo mawili, nyekundu (kopa na uru) na nyeusi (shupaza na pau), zikiwa zimefunuliwa ili kila mtu aone hali yako.

Mizunguko 12 ikiisha, kila mmoja anapata alama moja kwa kila karata ya rangi yake iliyo chache, kisha anatozwa alama moja kwa kila karata ambayo rangi nyingine imezidi. Mfano: una nyekundu 7 na nyeusi 5. Unapata 5, unatozwa 2, unaandika 3. Asiyekula chochote anaandika sifuri. Mgawaji anabadilika kila raundi, na baada ya raundi sita mwenye jumla kubwa ndiye mshindi.

Nawaomba mambo matatu. Kwanza, someni kanuni hapo juu na mucheze bila kuniuliza; mkikwama, andikeni mlipokwama na mlivyoamua. Pili, msibadilishe kanuni katikati hata mkiona ni mbaya, malizeni raundi sita zote. Tatu, andikeni alama za kila raundi, si jumla peke yake, pamoja na muda wa kuanza na kumaliza. Ningependa raundi sita ziingie ndani ya saa moja.

#2 BiHesabu

Nimekaa na hiyo kanuni ya alama kwa kalamu. Ina njia fupi ambayo itawasaidia waandishi wa alama: zidisha rangi chache mara mbili, kisha toa rangi nyingi. Kwa mfano wako, 5 mara mbili ni 10, toa 7, inabaki 3. Jibu ni lilelile na hatua imepungua.

Njia hiyo inaonyesha pia tabia ya mchezo. Unafika sifuri pale rangi moja inapokuwa mara mbili ya nyingine, na ukivuka hapo unaanza kudaiwa. Karata moja ya rangi uliyo nayo nyingi inakupunguzia 1, na karata moja ya rangi uliyo nayo chache inakuongezea 2. Kwa hiyo mzunguko wa karata tatu za rangi unayoihitaji unaweza kukupa hadi 6, na mzunguko wa rangi uliyoshiba unakunyang'anya 3. Ila hizo 6 zinapatikana tu kama pengo lako ni 3 au zaidi. Mwenye 5 na 4 akila tatu za rangi chache anafika 5 na 7, na alama yake inabaki 3 kama mwanzo. Mwenye 6 na 6 akila tatu za rangi moja anashuka kutoka 6 hadi 3.

Hapo ndipo naona utamu wa mchezo. Mzunguko uleule una thamani tofauti kwa kila aliye mezani, na kwa kuwa marundo yamefunuliwa, kila mtu anaweza kuipiga hesabu ya mwenzake.

Mkaguzi wa bure: kila raundi, nyekundu za wote zijumlishe, ziwe 18, na nyeusi 18. Zisipofika, kuna mtu amekosea kuhesabu au karata imeanguka chini ya meza.

#3 ShupazaSita

Mkuu, wazo zuri, lakini naona shida kabla hata ya kucheza. Mwenye ree nyingi ndiye atakayeshinda. Anaanza na ree ya kopa anakula tatu nyekundu, anafuata na ree ya shupaza anakula tatu nyeusi, tayari ana 3 mkononi bila jasho. Mwenye ree zote nne ana 6. Ondoa ree, mchezo utakuwa wa haki.

#4 BiHesabu

ShupazaSita, shida uliyoitaja ipo, ila dawa haitaponya. Ukiondoa ree, mfalme anakuwa mkubwa na atafanya kazi ileile. Ukimwondoa mfalme, malkia anarithi. Karata ya juu itakuwepo siku zote, unachobadilisha ni jina lake.

Kama ni kweli bahati ya ree inaamua, dawa iko kwingine: ama wachezaji wapeane karata mbilimbili kabla ya kuanza, ama mwenye ree alazimike kulipia kitu. Lakini tusitibu kabla ya kupima. Kila raundi, kabla ya kutupa karata ya kwanza, kila mmoja aandike kimyakimya ana ree ngapi, na mwisho wa raundi aiweke namba hiyo kando ya alama zake. Raundi sita kwa watu watatu ni jozi 18. Kama wenye ree mbili na zaidi wanakaa juu karibu kila mara, itaonekana kwa macho bila hesabu kubwa.

#5 ShupazaSita

Sawa kuhusu kuondoa, nimeelewa. Lakini nashikilia kwamba ree zinaamua. Tutaona.

#6 Kete_Moja

Tumecheza sisi watatu jioni hii. Ripoti yangu: mchezo ni mtulivu mno. Karibu kila mzunguko ulikuwa wa rangi moja, marundo yakakua kwa tatutatu, na hakuna aliyeweza kumharibia mwenzake mpaka mizunguko ya mwisho. Tulikwama mara mbili pia: kopa iliongoza kwa kumi, mwingine akatupa kumi ya uru, hatukujua nani anakula. Tukaamua aliyetangulia.

#7 MchangaKarata

Asante sana Kete_Moja. Ngoja niulize: kopa ilipoongoza, mwenye uru na kopa mkononi aliruhusiwa kutupa uru?

#8 Kete_Moja

Ndiyo, si zote nyekundu? Tulifuata rangi.

#9 MchangaKarata

Kanuni inadai aina: kopa ikiongoza, mwenye kopa lazima atupe kopa. Uru ni karata ya nje kama ilivyo shupaza, na haiwezi kula mzunguko wa kopa hata ikiwa ree. Kwa hiyo kumi mbili haziwezi kushindana kamwe.

Ripoti yako ni ya thamani kwangu. Mchezo unaohesabu rangi unamvuta msomaji afikirie rangi kila mahali, na sentensi moja haitoshi kumzuia. Toleo la pili litakuwa na mfano palepale: "Kopa imeongoza. Una uru tatu na kopa moja. Lazima utupe hiyo kopa." Na kundi lolote lililocheza kwa kufuata rangi lisifute matokeo yake, liyaandike tu kwamba ni ya rangi.

#10 BiHesabu

Nami naongeza kwa nini ilikuwa tulivu. Kila mtu ana nyekundu kama sita na nyeusi kama sita. Ukifuata rangi, hutaishiwa mpaka karibu na mwisho, kwa hiyo huna nafasi ya kumtupia mtu karata asiyoitaka. Ukifuata aina, una karata kama tatu tu za kila aina, na wengi wanapewa mkono wenye aina fupi, moja au mbili. Baada ya mizunguko michache mtu ameishiwa pau, na pau ikiongozwa anachagua: nimtupie anayekula nyekundu anayoihitaji, au nyeusi nyingine ya kumshibisha? Bila nafasi hiyo mchezo umebaki wa karata kubwa na ndogo peke yake.

#11 FundiMakaratasi

Jamani samahani, mimi nina mchezo wangu wa karata 60 zenye picha, nimezichapa kwenye karatasi ya kawaida, na shida ni kwamba ukiziinua kwenye mwanga picha inaonekana kwa nyuma. Wa kwenu nao utachapwaje?

#12 MchangaKarata

Mizani inatumia karata za dukani, haihitaji kuchapwa. Kwa shida yako: usihangaike na karatasi nzito kwa sasa. Chukua karata za kawaida zilizozeeka, ziingize kwenye vifuko vya plastiki vya karata, kisha katikati ya karata na plastiki, upande wa uso, weka karatasi yako iliyokatwa ndogo kidogo kuliko karata. Karata ya nyuma inazuia mwanga, zote zinakuwa na unene mmoja, zinachanganyika vizuri, na ukibadilisha wazo unachomoa karatasi tu. Angalia jambo moja: vifuko vyote viwe vipya au vyote vichakavu. Kifuko kimoja chenye mkwaruzo ni karata iliyotiwa alama, na wachezaji wataijua bila hata kukusudia.

#13 FundiMakaratasi

Nimeelewa, asante. Nitafungua uzi wangu.

#14 Pilipili_Mbili

Sisi tumecheza kwa kanuni sahihi, raundi zote sita. Dakika 70. Ya kwanza ilichukua kama 20 kwa sababu ya kuhesabu, ya mwisho ilikuwa chini ya 10. Njia ya BiHesabu ilitufaa.

Nawapa raundi moja kwa ukamilifu kwa sababu inaeleza mengi. Mchezaji A alipewa ree tatu, ya kopa, ya uru na ya pau. Akaanza kwa kasi: ree ya kopa, ree ya uru, zote akala. Alikuwa na nyekundu 6 na nyeusi 0, yaani deni la 6, na hakuna aliyemwonea wivu. Mpango wake ulikuwa kurudisha mizani kwa pau. Ila B na C waliona rundo lake na wakaamua kila mmoja kwa nafsi yake kutomwongozea pau hata mara moja. Alipoiongoza mwenyewe, C alikuwa ameishiwa pau, akamtupia nyekundu. A akamaliza na nyekundu 11 na nyeusi 4. B alikuwa na 4 na 8, mimi C nilikuwa na 3 na 6.

Alama: A kapata 8 toa 11, deni la 3. B kapata 8 toa 8, sifuri. Mimi 6 toa 6, sifuri. Mwenye ree tatu ndiye aliyekuwa wa mwisho. ShupazaSita, hiyo ni jozi moja dhidi yako, ingawa sikatai kwamba katika raundi nyingine mbili mwenye ree mbili alikuwa juu.

Lalamiko langu ni hilo la mwisho: raundi yenye deni la 3, sifuri na sifuri haileti raha. Tumetoka jasho sote watatu na hakuna aliyepata kitu. Kwa nini adhabu isianze pale tofauti inapozidi 3?

#15 ShupazaSita

A alicheza vibaya. Ree za kopa na uru ni rangi moja, angeanza na kopa na pau akae 3 kwa 3. Ree hazikumwangusha, aliangushwa na mpangilio wake.

#16 BiHesabu

Hapo ShupazaSita yuko sahihi, na ni jambo zuri kwa mchezo: karata kubwa zinadai akili. Ila tukumbuke raundi sita za kundi moja ni chache mno kuhukumu bahati. Mtu akipewa mikono mizuri minne kati ya sita, utadhani ni bingwa.

Njia safi ipo, na wachezaji wa briji wanaitumia siku zote kwenye mashindano yao: mikono ileile inachezwa na watu tofauti. Kwa Mizani mtahitaji meza mbili, watu sita. Meza ya kwanza igawe, na kabla ya kucheza piga picha ya kila mkono kwa simu. Cheza, andika alama. Kisha panga upya mikono mitatu kutoka kwenye picha na uipeleke meza ya pili, mwanzaji akiwa yuleyule kwa nafasi. Usiwape watu walewale waicheze tena kwa kubadilishana viti, kwa sababu tayari wanajua karata ziko wapi.

Ukiona mkono wa nafasi ya kwanza umepata 7 meza moja na deni la 2 meza nyingine, ujue uchezaji unaamua. Ukiona mkono uleule unapata namba zinazokaribiana kila mara, basi karata zinacheza zenyewe na ShupazaSita atakuwa ameshinda ubishi.

#17 MchangaKarata

Pilipili_Mbili, hoja ya kusamehe tofauti ya hadi 3 nimeipima. Kinachonifanya nisite ni kwamba karata zinaliwa kwa tatutatu. Ukisamehe 3, mtu mwenye 6 na 6 anaweza kula mzunguko mzima wa rangi moja bila kulipa chochote, na yule aliyekuwa akimlenga amepoteza silaha. Raundi yenu kwa kanuni hiyo ingekuwa: A ana 4, tofauti 7, anatozwa 4, sifuri. B ana 4, tofauti 4, anatozwa 1, anaandika 3. Wewe una 3, tofauti 3, hutozwi, unaandika 3. Namba zinapendeza zaidi, hilo nakubali. Lakini kutupiana karata mwishoni kutapungua makali.

Sitaibadilisha bado. Kundi litakalotaka, licheze raundi tatu kwa kanuni ya sasa na tatu kwa ya msamaha, na liandike wazi zipi ni zipi. Msiongeze badiliko lingine juu yake, kwa sababu tukigusa mawili kwa pamoja hatutajua lipi limefanya kazi.

#18 Mtulivu

Mimi nilikaa pembeni nikitazama, sikucheza. Jambo moja limenikera na halijatajwa. Kabla ya raundi ya mwisho jumla zilikuwa A 16, B 15, C 4. Ikafika mzunguko wa mwisho wa raundi hiyo: A alikuwa na nyekundu 7 na nyeusi 5, B nyekundu 5 na nyeusi 7, C nyekundu 4 na nyeusi 5. Wote watatu walikuwa na alama 3. Zilizobaki mikononi zilikuwa nyekundu mbili na nyeusi moja. A akizila anafika 9 na 6, anabaki na 3. B akizila anafika 7 na 8, anapanda hadi 6. C akizila anafika 6 na 6, naye anapata 6.

Karata ya mwisho haina uchaguzi, kwa hiyo yote yaliamuliwa mzunguko mmoja nyuma, na mwenye uamuzi alikuwa C. Akijiwekea karata ya kula, A anashinda kwa 19 dhidi ya 18. Akimwachia B, B anashinda kwa 21. C mwenyewe hana cha kushinda kwa vyovyote. Aliyeshika nafasi ya mwisho amemvika mtu taji, na hilo si haki kwa A wala kwa B.

#19 Pilipili_Mbili

Ni meza yetu hiyo. Mimi C nilijilia mwenyewe, A akashinda, B akanuna.

#20 BiHesabu

Hii ni kasoro ya karibu kila mchezo wa watatu, haiishi yote. Inaweza kupunguzwa kwa kumpa wa mwisho sababu ya kupigania alama zake. Kwa mfano, mshindi asiwe wa jumla, awe aliyeshinda raundi nyingi zaidi. Hapo C angekuwa akiitaka raundi ile kwa ajili yake.

#21 Mtulivu

Mwenye ushindi wa raundi sifuri baada ya raundi tano atakuwa palepale. Mimi ningeficha jumla: kila mmoja aandike alama zake kwenye karatasi yake na zifunuliwe mwisho.

#22 BiHesabu

Marundo yamefunuliwa kila raundi, Mtulivu. Mwenye kumbukumbu atazijua jumla na asiye nayo atakuwa gizani. Utakuwa umeanzisha mchezo wa kukariri ndani ya mchezo wa kupima.

#23 Mtulivu

Heri hivyo kuliko kuvikana mataji. Sijashawishika.

#24 MchangaKarata

Nawaachia hilo wazi, kila upande una hoja. Kwa sasa nahitaji kujua linatokea mara ngapi. Kila kundi, kabla ya raundi ya sita, liandike jumla za wote watatu na jibu la swali hili kutoka kwa aliye nyuma kabisa: "Unaamini bado unaweza kushinda?" Ajibu ndiyo au hapana, kabla karata hazijagawiwa.

Swali la pili ni la wote, mwisho wa mchezo. Msiniambie kama mmeupenda. Niambieni ni mzunguko gani mlifikiri kwa muda mrefu zaidi na mlikuwa mkichagua kati ya karata zipi. Mtu akikosa cha kutaja, hiyo nayo ni ripoti, kwa maana mkono wake ulicheza wenyewe.

Wenye meza mbili wafanye jaribio la mikono ileile la BiHesabu, kwa kanuni ya sasa. Kete_Moja, kundi lako likiweza lirudie kwa kufuata aina, nitalinganisha na ripoti yenu ya kwanza.

#25 NneMezani

Sisi tuko wanne. Karata 36 kwa wanne ni 9 kila mmoja, inagawika. Tucheze?

#26 MchangaKarata

Inagawika, lakini mzunguko unakuwa wa karata nne, na hesabu zote za hapa juu ni za tatu. Aliye wa nne kutupa pia anajua kila kitu kabla ya kuamua. Naomba mmoja wenu awe mwandishi: aandike kila mzunguko nani kala, nyekundu ngapi, nyeusi ngapi. Mkibadilishana kila raundi mbili, watatu watacheza raundi nne na mmoja atacheza zote sita. Ila jumla zenu hazitalinganishwa na za makundi mengine, nitazichukua raundi mojamoja.

#27 Kete_Moja

Tunarudia kesho kwa kufuata aina. Swali dogo: karata ikitupwa kimakosa, mtu ana kopa na katupa pau, halafu ikagundulika mizunguko miwili baadaye, tunafanyaje? Kanuni hazisemi.

#28 MchangaKarata

Ikigundulika kabla mzunguko haujaliwa, aichukue na atupe iliyo sahihi. Ikigundulika baadaye, raundi ifutwe na igawiwe upya na mgawaji yuleyule, na muandike kwamba imetokea. Kanuni ya adhabu sitaiweka mpaka nijue ni makundi mangapi yamepatwa na hilo, na kama ilikuwa kopa dhidi ya uru au aina nyingine.